Mistari mitatu ndani ya Wells Fargo: mkaguzi wa ndani alikuwa amesimama wapi?

Mfanyakazi wa tawi anamfungulia mteja akaunti ya pili ambayo mteja hakuiomba. Ili akaunti hiyo ihesabiwe kwenye mauzo yake, inatakiwa iwe na fedha, kwa hiyo anachota kiasi kidogo kutoka akaunti ya zamani ya mteja yuleyule, anakiweka kwenye ile mpya, anasubiri ihesabike, kisha anakirudisha kilikotoka. Kwenye nafasi ya baruapepe anaandika noname@wellsfargo.com, maana akiweka anwani ya kweli mteja atapata ujumbe na kuuliza maswali. Jioni hesabu za tawi zinafunga sawasawa. Hakuna senti iliyopungua kwenye droo, na kila muamala, ukiutazama peke yake, unafanana na kazi ya kawaida ya benki.

Hayo yalifanyika katika benki ya Marekani ya Wells Fargo kwa miaka mingi na katika matawi mengi. Septemba 8, 2016 benki ilikubali kulipa dola milioni 185: milioni 100 kwa shirika la serikali linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha, milioni 35 kwa OCC, ofisi ya serikali inayosimamia benki za kitaifa, na milioni 50 kwa jiji na kaunti ya Los Angeles. Uchambuzi wa wakati huo ulionyesha akaunti za amana zipatazo milioni 1.5 na maombi ya kadi za mkopo yapatayo 565,000 ambayo huenda wateja hawakuyaidhinisha. Mwaka uliofuata benki ilipanua hesabu hiyo hadi akaunti milioni 3.5. Kati ya 2011 na 2016 wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa makosa ya aina hii.

Namba hiyo ya 5,300 ndiyo ninayotaka tukae nayo. Mtu hafukuzwi bila faili. Aliyefukuzwa alilalamikiwa, akachunguzwa, akaitwa, maelezo yake yakaandikwa na mtu mwenye cheo akaweka saini. Kwa hiyo ndani ya benki kulikuwa na maelfu ya faili yanayosimulia jambo lilelile, na kulikuwa na menejimenti, watu wa vihatarishi, watu wa uzingatiaji wa sheria, rasilimali watu, wanasheria, na idara kubwa ya ukaguzi wa ndani. Ukiwapanga watu hao kwenye mistari mitatu inayofundishwa katika kila kozi ya ukaguzi, unaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kila mstari ulikatika. Ndiyo maana naona kisa hiki kinaueleza mfumo huo vizuri kuliko mchoro wowote.

Tuanze na mistari yenyewe, tukiwa tumesimama mlangoni mwa tawi.

Mstari wa kwanza ni wale wanaofanya kazi inayozaa kihatarishi: anayefungua akaunti, meneja wa tawi, meneja wa kanda, hadi mkuu wa kitengo chote cha matawi. Kihatarishi ni chao. Akaunti ya uongo ikifunguliwa, wao ndio wenye jukumu la kuizuia na wao ndio wa kuijibia, na udhibiti wa kila siku, kama saini ya mteja, kitambulisho au idhini ya msimamizi, ni kazi yao.

Mstari wa pili ni wataalamu wanaoweka mipaka, wanaofuatilia na wanaompinga aliye mstari wa kwanza pale anapopitiliza. Hapa yumo mkuu wa vihatarishi na watu wake, pamoja na idara ya uzingatiaji wa sheria. Hawauzi kitu. Wanasema kiasi gani cha kihatarishi kinavumilika, wanapima kama mpaka umevukwa, na wanapiga kengele.

Mstari wa tatu ni ukaguzi wa ndani. Wenyewe hauweki udhibiti, hauuendeshi na hauamui kihatarishi kipi kikubaliwe. Unakwenda kuangalia kama mistari miwili ya kwanza inafanya kazi kweli, kisha unaiambia bodi, kupitia kamati yake ya ukaguzi, ulichokikuta.

IIA, taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani, iliuandika mpangilio huu katika waraka wa Januari 2013 ikiuita mistari mitatu ya ulinzi, kisha Julai 2020 ikaurekebisha na kuliondoa neno ulinzi. Marekebisho hayo yana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Katika toleo la 2020, mstari wa kwanza na wa pili vyote ni majukumu ya menejimenti. Ukaguzi wa ndani peke yake ndio unaotajwa kuwa huru dhidi ya menejimenti. Mkuu wa vihatarishi anaweza kuwa na nguvu, anaweza kuwa na njia yake ya kuifikia bodi, na wasimamizi wa benki wanadai awe huru dhidi ya wanaouza. Bado yumo katika chombo kinachoendeshwa na mkurugenzi mtendaji. Mpaka mzito zaidi kwenye mchoro mzima uko kati ya mstari wa pili na wa tatu, ingawa kwa mtu aliye nje mistari hiyo miwili inafanana sana, kwa kuwa yote inabeba mafaili na kuuliza maswali yasiyopendwa.

Sasa turudi Wells Fargo. Mwaka 2017, mwezi Aprili, wakurugenzi huru wa bodi walitoa ripoti ya uchunguzi walioufanya kwa msaada wa kampuni ya mawakili ya nje. Ripoti hiyo ilichapishwa hadharani, na mengi ninayoyaeleza hapa yanatoka humo.

Kwenye mstari wa kwanza, kitengo cha matawi kiliendeshwa kwa malengo ya mauzo. Kaulimbiu ilikuwa bidhaa nane kwa kila kaya: akaunti ya hundi, ya akiba, kadi, bima na kadhalika. Malengo yalipandishwa mwaka hadi mwaka, na viongozi wa kitengo walijua kuwa hayafikiki kwa kila mtu. Ndani ya kitengo malengo hayo yaliitwa mpango wa hamsini kwa hamsini, kwa maana kwamba nusu tu ya kanda zilitarajiwa kuyafikia. Anayefanya kazi kwenye tawi popote anajua tageti ya namna hiyo inavyoshuka. Meneja wa kanda anaigawa kwa matawi, meneja wa tawi anaigawa kwa siku, na inapofika kwa kijana wa kaunta imekuwa idadi ya akaunti kabla ya chakula cha mchana. Januari ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kulikuwa na kampeni maalumu ya kuanza mwaka kwa kasi, na malalamiko ya ukiukaji yalikuwa yakipanda nayo.

Kulikuwa na kipimo kimoja kilichokuwa kikiyasema yote haya waziwazi. Benki ilifuatilia ni sehemu gani ya akaunti mpya ambazo wateja waliziwekea fedha. Mwaka 2005 kipimo hicho kilikuwa asilimia 90. Kufikia 2012 kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 80. Yaani katika kila akaunti 10 zilizofunguliwa, zaidi ya 2 zilibaki tupu. Mteja aliyekuja mwenyewe kufungua akaunti huwa na fedha ya kuweka, kwa hiyo akaunti tupu inauliza swali: nani aliyeitaka? Tena kipimo kilishuka kwa mwendo uleule ambao malengo yalikuwa yakipanda. Viongozi wa kitengo waliiona namba hii. Walishughulika na watu waliokamatwa, malengo wakayaacha.

Tukifika mstari wa pili, hapo ndipo mchoro na maisha vilipoachana. Kitengo cha matawi kilikuwa na ofisa wake wa vihatarishi, mwenye cheo cha juu na watu chini yake. Kwa jina la cheo ungemweka mstari wa pili bila kufikiri. Lakini aliripoti kwa nani? Aliripoti kwa mkuu wa kitengo cha matawi, yaani mtu yuleyule aliyeweka malengo na ambaye mafanikio yake yalipimwa kwa malengo hayo. Kwa mkuu wa vihatarishi wa benki nzima kulikuwa na uhusiano wa pembeni tu, ule mstari wa vitone unaochorwa kwenye chati. Utamaduni wa Wells Fargo ulikuwa kila kitengo kijiendeshe kana kwamba mkuu wake ndiye mwenye mali, na ofisi ya vihatarishi ya makao makuu ilikuwa na mamlaka madogo juu ya vitengo hivyo. Yule ofisa, kwa maana halisi, alikuwa sehemu ya mstari wa kwanza aliyevaa koti la mstari wa pili.

Kwa mujibu wa OCC, jambo hili lilizaa matokeo yanayopimika. Kitengo kilikuwa na njia ya kutafuta wafanyakazi wenye dalili za udanganyifu kwenye takwimu, na kizingiti cha kuanza kuchunguza kiliwekwa kwenye asilimia 99.99 na baadaye 99.95. Ifuate hesabu hiyo taratibu. Ukiwapanga wafanyakazi 10,000 kuanzia mwenye dalili chache hadi mwenye dalili nyingi, kizingiti cha asilimia 99.99 kinakupa mtu 1 wa kumchunguza. Ukikilegeza hadi 99.95 unapata watu 5. Aliyekuwa wa 6 kwa wingi wa dalili kati ya watu 10,000 hakuguswa. Halafu idadi ya waliokamatwa inatumwa juu, na walio juu wanafurahi kuona ni wachache.

Kizingiti cha namna hii si kosa la hesabu, na mtu anaweza kukitetea kwa kusema wachunguzi walikuwa wachache. Lakini ni uamuzi wa kiasi gani cha ubaya kitaonekana, na aliye chini ya muuzaji hakutakiwa kuufanya. Mstari wa pili ulio huru ungeuliza swali kwa upande wa pili: tukiteremsha kizingiti hadi 99, watu wangapi zaidi wanatokeza, na tukichunguza 50 kati yao, wangapi wana hatia? Wengi wakiwa na hatia, kizingiti hakifai na tatizo ni kubwa kuliko linavyoripotiwa.

Watu wengine wa mstari wa pili nao walikuwa na vipande vyao. Rasilimali watu walikuwa na rekodi za waliofukuzwa. Wanasheria walikuwa na kesi za waliodai kufukuzwa kwa uonevu. Kila idara ilishughulikia faili lililo mezani kwake, ikalifunga na kufungua jingine. Ripoti ya wakurugenzi inalaumu hasa mtazamo huo wa kushughulikia tukio mojamoja, kwa sababu uliifunika picha nzima. Inasikitisha zaidi ukijua kuwa tayari mwaka 2004 wachunguzi wa ndani ya benki walikuwa wameandika waraka unaoonyesha kesi za uaminifu wa mauzo zikipanda kutoka 63 mwaka 2000 hadi makadirio ya 680 mwaka huo wa 2004, na wakapendekeza malengo ya mauzo yapunguzwe au yaondolewe kabisa. Picha nzima ilikuwa imeshachorwa miaka 12 kabla ya faini.

Na ukaguzi wa ndani?

Hapa nataka tutulie, kwa sababu kwa mstari wa tatu hadithi inageuka. Mkuu wa ukaguzi wa ndani wa Wells Fargo aliripoti kikazi kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na kiutawala kwa mkurugenzi mtendaji. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hakuwa chini ya mkuu wa matawi na hakuwekewa mstari wa vitone. Kimuundo alikuwa amesimama mahali pake hasa, na alikuwa na mlango wake wa kuingia kwa bodi ambao menejimenti haikuwa na ufunguo wake. Kasoro ya mstari wa pili ilikuwa ya chati. Kasoro ya mstari wa tatu ilikuwa ya kazi iliyofanyika ukiwa umesimama pazuri.

Ripoti ya wakurugenzi inasema kuwa ukaguzi wa ndani uliangalia taratibu za kitengo za kugundua, kuchunguza na kurekebisha ukiukaji wa mauzo, na kwa ujumla ukazikuta zinafaa kupunguza kihatarishi. Inasema pia kuwa kwa kawaida ukaguzi haukujaribu kutafuta kiini cha ukiukaji huo; ulichukulia kuwa kazi hiyo ni ya wengine.

Namna hitimisho kama hilo linavyozaliwa inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuandaa karatasi za kazi. Chukua mfano huu, ambao ni wa kwangu na si wa faili za benki hiyo. Utaratibu unasema kila malalamiko yasajiliwe, yachunguzwe ndani ya siku kadhaa, na mhusika achukuliwe hatua. Mkaguzi anachota sampuli ya malalamiko 25. Yote yamesajiliwa, 24 yalichunguzwa kwa wakati, na waliopatikana na hatia wamefukuzwa. Anaandika kuwa udhibiti unafanya kazi, na hoja moja ndogo ya ucheleweshaji. Kila alichokiandika ni kweli. Mwaka unaofuata anarudia, na mwaka wa tatu pia, malalamiko yakiwa mengi zaidi kila mara. Amepima kama mashine ya kufukuza watu inazunguka vizuri, na inazunguka vizuri kweli. Hajauliza kwa nini inapewa watu wengi kiasi hicho.

Udhibiti wa kugundua unaokamata watu wengi kila mwaka ni ushahidi kwamba udhibiti wa kuzuia umeshindwa. Ukiukwaji uleule ukitokea kwenye matawi yasiyojuana, katika majimbo tofauti, kwa wafanyakazi ambao hawajawahi kukutana, tabia ya mtu mmojammoja haitoshi kuueleza. Kuna kitu walicho nacho wote kwa pamoja, na pale Wells Fargo kitu hicho kilikuwa lengo la mauzo.

Mkaguzi aliye mstari wa tatu angewezaje kulijua hilo kwa vifaa alivyokuwa navyo? Angeanza na kile kipimo cha akaunti zinazowekewa fedha, akakigawa kwa kanda na kwa mwezi, kisha akaweka kando yake malengo ya kanda hiyo kwa mwezi huohuo. Kanda zenye malengo makali zikiwa ndizo zenye akaunti tupu nyingi, na Januari ikijitokeza kila mwaka, tayari ana hoja. Halafu angeitafuta ile hila ya kuhamisha na kurudisha: miamala ambapo fedha inatoka akaunti ya zamani ya mteja, inaingia akaunti isiyofikisha wiki, na kiasi kilekile kinarudi ndani ya siku chache. Benki inayo data hiyo yote, na haihitaji sampuli ya 25 maana inaweza kuendeshwa kwa akaunti zote. Baada ya hapo angehesabu akaunti zenye baruapepe zinazoishia na jina la benki yenyewe ilhali mteja si mfanyakazi. Mwisho angechukua orodha ya waliofukuzwa na kuipanga kwa meneja wa kanda badala ya jina la mkosaji. Vipimo hivi vinne ni kazi ya wiki chache kwa timu ndogo. Kizingiti cha 99.99 nacho angekikuta njiani, kwa sababu kupima kazi ya mstari wa pili ni sehemu ya kazi yake, na angeuliza nani aliyekichagua na kwa ushahidi gani.

Najua kuna ubishi hapa, na wenzangu wa taaluma wameutoa mbele yangu mara nyingi: mkaguzi akianza kuhoji malengo ya mauzo, si ameingia kwenye kazi ya menejimenti? Nadhani jibu liko kwenye tofauti kati ya kuhoji na kuamua. Mkaguzi hana ruhusa ya kuyapunguza malengo, wala ya kuandika mapya. Akifanya hivyo amehamia mstari wa kwanza, na mwaka ujao hawezi kuyakagua kwa kuwa atakuwa anakagua mkono wake mwenyewe. Lakini kuiambia kamati ya ukaguzi ya bodi kwamba malengo ndiyo chanzo cha ukiukaji, na kuweka takwimu mezani, kunabaki ndani ya mstari wa tatu kabisa. Menejimenti ikikataa kubadilisha, bodi itaamua ikiwa inajua.

Na bodi haikuwa inajua. Suala lilikuwa limeshafika gazetini. Desemba 2013 Los Angeles Times iliandika juu ya shinikizo la mauzo katika matawi ya benki hiyo, na Mei 2015 jiji la Los Angeles likafungua kesi. Mwezi huohuo kamati ya bodi ya vihatarishi ilipoelezwa, iliambiwa kuhusu wafanyakazi 230 waliofukuzwa. Wakurugenzi waliisikia idadi ya 5,300 kwa mara ya kwanza makubaliano ya Septemba 2016 yalipotoka. Taarifa walizokuwa wakipokea zilitoka kwa menejimenti, zikiwa zimepita kwa watu ambao hawakupenda zionekane mbaya, na kwa miaka hiyo yote hapakuwa na taarifa ya pili kutoka mlango ule mwingine ya kuzilinganisha nazo. Ndiyo sababu mfumo unaweka mstari wa tatu nje ya menejimenti. Bodi yenye chanzo kimoja cha habari haina namna ya kujua inafichwa nini.

Kulikuwa pia na namba nyingine iliyowatuliza wakubwa. Kila mwaka takriban asilimia 1 ya wafanyakazi wa kitengo walifukuzwa, na mkurugenzi mtendaji aliichukulia kuwa habari njema: asilimia 99 wanafanya kazi kwa uaminifu. Ukiwa mkaguzi, usiipokee namba ya aina hiyo bila kuuliza imepatikana wapi. Asilimia 1 ni ya waliokamatwa, na idadi ya waliokamatwa inategemea nyavu. Ukijua kwamba kwa njia mojawapo nyavu ziliwekwa kushika mtu 1 kati ya 10,000, hiyo asilimia 1 haikuambii kitu chochote kuhusu wale 99.

Januari 2020 OCC ilifungua mashtaka ya kiutawala dhidi ya waliokuwa viongozi wa benki. Miongoni mwao walikuwamo yule ofisa wa vihatarishi wa kitengo cha matawi, mkuu wa ukaguzi wa ndani, na mkurugenzi wa ukaguzi aliyehusika na kitengo hicho. Watatu hao walipinga tuhuma, na shauri lao likaenda miaka mingi. Haijalishi mtu ana maoni gani juu ya uzito wa tuhuma zenyewe, orodha ya majina ya vyeo inasomeka kama mfumo wa mistari mitatu uliogeuzwa kuwa hati ya mashtaka. Msimamizi wa benki alikuwa anasema kwamba kusimama mstari wa pili au wa tatu kunaleta wajibu binafsi, na kwamba kusema kiini cha tatizo ni kazi ya mwingine hakumwondolei mtu wajibu huo.

Hapa ndipo penye udhaifu wa mfumo wenyewe, na nausema kwa kuwa naufundisha na naupenda. Mistari mitatu inampa kila mmoja mtu wa kumtegemea. Mkuu wa matawi anasema watu wa vihatarishi wangenizuia. Wa vihatarishi anasema ukaguzi umetukagua na kutupa alama nzuri. Mkaguzi anasema menejimenti ndiyo yenye kihatarishi na utaratibu upo. Wote watatu wanaweza kuonyesha mchoro kuthibitisha. Dalili ya kuwa shirika limefika hapo ni rahisi kuiona: soma ripoti za mistari yote mitatu juu ya jambo moja kwa mwaka mmoja. Zikiwa zinanukuliana, na hakuna hata moja iliyokwenda kwenye data ya msingi, una maoni ya mtu mmoja yaliyoandikwa mara tatu.

Wells Fargo iliondoa malengo ya mauzo ya bidhaa katika matawi kuanzia Oktoba 1, 2016. Watu wa vihatarishi waliokuwa wametawanyika kwenye vitengo wakahamishiwa chini ya mkuu wa vihatarishi wa benki nzima, na ule mstari wa vitone ukawa mstari mzito. Februari 2018 benki kuu ya Marekani iliizuia Wells Fargo isikue kupita mali iliyokuwa nayo mwishoni mwa 2017, karibu dola trilioni 1.95, mpaka irekebishe uongozi na usimamizi wa vihatarishi. Zuio hilo liliondolewa Juni 2025, miaka zaidi ya 7 baadaye. Kwa benki, hilo lilikuwa zito kuliko faini.

Wasomaji wengi wa hapa hawako kwenye benki yenye matawi maelfu. Wako kwenye SACCOS, halmashauri, hospitali au shule, ambako ofisi ya ukaguzi wa ndani ni mtu mmoja au wawili na hakuna kabisa mtu wa vihatarishi. Huko kosa huja kutoka upande mwingine. Meneja mkuu anasema: wewe mkaguzi ndiye unayejua mambo haya, basi tuandalie rejista ya vihatarishi na uisimamie. Mkaguzi anakubali kwa nia njema, na kuanzia siku hiyo amekuwa mstari wa pili. Viwango vya taaluma havimkatazi moja kwa moja, lakini vinataka bodi ijue, iweke kinga, na kazi hiyo aliyoifanya yeye ikaguliwe na mtu mwingine aliye huru, si yeye. Kwa chama kidogo, hiyo inaweza kuwa kumwomba mkaguzi wa nje au wa chama jirani aipitie rejista mara moja kwa mwaka, na kuandika kwenye kumbukumbu za kikao tarehe ambayo kazi hiyo itarudi kwa ofisa mikopo au mhasibu ambaye kihatarishi ni chake.

Ukitaka kujua mkaguzi wako yuko mstari gani, acha chati ya muundo. Waulize wajumbe wa kamati mambo mawili: nani anayejaza tathmini ya kazi ya mkaguzi na kupendekeza nyongeza yake ya mshahara, na lini mara ya mwisho walikaa naye peke yake, meneja akiwa nje ya chumba.